Mvua ya Aprili na giza la saa 12: mnapangaje kazi ya nje wakati tarehe haisogezeki?

LenziYaPwani

Wakuu, salaam. Nina harusi Jumamosi ya katikati ya Aprili hapa Dar. Naweka ratiba yangu hapa mniambie itavunjikia wapi, maana mwaka jana ilinivunjikia na mpaka leo inaniuma.

Ibada inaanza saa 8 mchana na kuisha saa 9:30. Maharusi wanafika ufukwe wa Koko saa 10:30 jioni. Nimelipwa saa mbili za picha, yaani mpaka 12:30. Ukumbi uko Mwenge, maharusi wanaingia saa 1:30 usiku. Tarehe haigusiki: ndoa imeshatangazwa kanisani, ukumbi umelipiwa, kadi zimegawiwa. Na bibi harusi anataka bahari nyuma yake, ndicho alichonifuatia.

Mwaka jana, mwezi huu huu, mvua ilianza dakika kumi baada ya kufika. Tukajibanza kwenye magari tukisubiri ipite, ikapita saa 12 kasorobo. Nikaanza na maharusi peke yao, nikasema familia nitamalizia. Familia ikasimama mbele ya kamera saa 12:20, watu kumi na wanne, ISO 6400, shata 1/30. Nusu ya nyuso zimetikisika. Mama wa bibi harusi alitoka Bukoba kwa basi, na picha yake ya pekee na binti yake siku ile macho hayaonekani. Nilirudisha sehemu ya hela, lakini ile siku siwezi kuirudisha.

Siulizi koti gani la mvua la kununulia kamera. Nauliza hivi: mnaacha kusubiri saa ngapi? Na mnapiga nini kwanza?

MwanaMbeya

Pole sana kaka. Ila nadhani unajibana bure. Jua linazama saa 12:45, na baada ya hapo kuna mwanga mzuri wa buluu. Mimi huwa naanza picha za maharusi saa 12 kamili na namaliza vizuri kabisa. Mvua ikikatika saa 12 kasorobo kwangu hiyo ni zawadi, anga linakuwa limeoshwa.

KadiYaKumbukumbu

Tatizo lako mwaka jana ni shata, si giza. Kamera za sasa zinapiga ISO 12800 na chenga zinasafishika kwenye kompyuta. Pandisha ISO, shata isishuke chini ya 1/200, umemaliza. Flashi usiitoe kabisa kwenye mvua, ni umeme huo, utaua mtu.

MzeeWaTaa

Vijana, salaam. Nimepiga harusi Dar miaka mingi, nyingi zikiwa za Aprili kwa sababu Pasaka ikipita tu watu wanaoana mfululizo. Naomba nimjibu mwenye uzi kwa urefu, kisha nirudi kwa hao wawili.

Mwanangu, usianze kuhesabu kutoka saa 10:30 kwenda mbele. Anza ukumbini urudi nyuma. Wanaingia 1:30. Bibi harusi akishuka garini anahitaji nusu saa: mekapu irekebishwe, shela ibandikwe upya, maji anywe. Kwa hiyo wawe Mwenge saa 1:00. Kutoka Koko mpaka Mwenge Jumamosi jioni kukiwa kukavu ni dakika thelathini, arobaini. Mvua ikishanyesha, panga saa nzima. Basi siku ya mvua unaondoka Koko saa 12:00, si 12:30. Saa mbili zako zimekuwa saa moja na nusu kabla hata tone halijadondoka, na hili wateja wengi hawaambiwi.

Sasa tazama jua. Hapa Dar katikati ya Aprili linazama saa 12:22 hivi. Ule mwanga wa dhahabu mnaoupenda huku kwetu ni mfupi, kwa sababu jua linashuka karibu wima. Haufiki hata nusu saa. Maana yake unaanza karibu saa 12 kasoro dakika tano, wakati ambao siku ya mvua unatakiwa uwe unafunga begi. Ukiweka picha zako bora kwenye mwanga huo, umeziweka kwenye foleni.

Jua likishazama, mwanga unapungua nusu kila dakika tatu hivi. Ukipoteza dakika sita kutafuta pete iliyodondoka mchangani, umebaki na robo ya mwanga. Wingu zito likiwepo unaanza na kidogo zaidi. Ndiyo maana huwezi kusema "nitamalizia familia".

Na hapa ndipo penye jibu la swali lako la pili. Maharusi wawili unaweza kuwapiga f/2.8 wakatoka vizuri hata mwanga ukiwa hafifu. Watu kumi na wanne wakiwa safu mbili, ukipiga f/2.8 safu ya nyuma itafifia. Inabidi uende f/5.6, na f/5.6 inataka mwanga mara nne ya f/2.8. Tena kundi kubwa halitulii, kuna mtoto anageuka, kuna mzee anapepesa, kwa hiyo shata nayo huwezi kuishusha. Picha zinazokula mwanga mwingi zipigwe mwanga ukiwa mwingi. Familia kwanza, wasimamizi wafuate, maharusi mwisho. Mwaka jana ulipanga kinyume.

Mimi nimeenda mbali zaidi. Masika familia siipeleki ufukweni. Naipiga kanisani, saa ile ile 9:30 wanapotoka, chini ya ukumbi wa mbele wa kanisa wenye paa. Nusu saa, makundi matano au sita, basi. Wazee wako pale, hawajapotea njiani, viatu vyao havijaingia mchanga. Mvua ikija Koko inakuta deni kubwa limeshalipwa.

Kuhusu kusubiri: dakika kumi na tano kwa saa, halafu ondoka. Nimesema kumi na tano kwa sababu kuhama kwenyewe kunakula dakika ishirini na tano: kuingiza gauni garini, kuendesha, kushuka, kupanga. Ukisubiri nusu saa kisha ukahama, karibu saa nzima imekwenda na huna hata picha moja. Lakini hilo linawezekana tu ikiwa unapohamia umepatembelea kabla, umepalipia, na pako ndani ya dakika kumi kwa gari.

Nimalize na ndugu wawili. Mwanambeya, unasema kweli, ila ni kweli ya Mbeya. Saa tunatumia moja lakini jua haliko mahali pamoja. Ninyi mko magharibi, kwenu linazama dakika ishirini na zaidi baada ya kwetu. Ratiba ya Mbeya ikiletwa Dar inakutwa na giza. Naye wa ISO, shata 1/200 uko sahihi kabisa, hiyo ingemwokoa mwenye uzi nusu. Nusu nyingine ni kwamba chini ya wingu zito mwanga unatoka juu moja kwa moja, macho yanakuwa mashimo meusi, na hakuna ISO inayojaza shimo. Hapo ndipo flashi inapohitajika. La umeme nitalirudia.

MwanaMbeya

Ahsante mzee, hilo la tofauti ya jua sikuwahi kulifikiria. Nina kazi Morogoro mwezi ujao, nitaangalia saa ya kule badala ya kuikariri ya kwetu.

KatibuKamati

Mimi si mpiga picha, nimekuwa katibu wa kamati za harusi kama tano. Mbona mnahangaika hivyo? Apu ya hali ya hewa inasema. Juzi ilionesha asilimia 40 kwa jioni. Kwenye saa mbili hiyo ni kama dakika hamsini za mvua, zilizobaki mnapiga picha.

MzeeWaTaa

Katibu, hapana. Asilimia 40 inasema uwezekano wa mvua kunyesha pale katika kipindi hicho, haisemi itanyesha muda gani. Inaweza isinyeshe kabisa, inaweza ikanyesha saa mbili zote. Mimi Ijumaa jioni nasoma utabiri wa TMA ili kuamua kama nakwenda na mzigo wa mvua au la. Siku yenyewe nikiwa Koko natazama bahari. Upepo wa Aprili huanza kugeuka kusi, mawingu mengi yanatujia kutoka upande wa bahari, kwa hiyo unayaona yakija. Mstari wa bahari na mbingu ukifutika, pakawa na pazia la kijivu, halafu ukapigwa na upepo wa baridi wa ghafla, hesabu dakika chache tu. Hapo usianze kupanga pozi jipya.

DroniJuu

Kwa droni mkuu usijaribu kabisa. Zile ndogo hazikuumbwa kwa mvua, matone yakiingia kwenye mota imekwenda baharini. Na kumbuka kibali.

LenziYaPwani

Ahsante ndugu, ila droni haimo kwenye kazi hii.

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la kanisani sikuliwaza, na nimeshampigia katibu wa parokia. Amesema kuna ndoa nyingine saa 10, kwa hiyo ukumbi wa mbele ni wetu mpaka 10 kasoro dakika tano, si zaidi. Karibu nusu saa, inatosha.

Niliangalia sehemu ya kuhamia. Kuna hoteli ndogo Oysterbay, dakika nane kutoka Koko. Ina mabaraza mawili. La kwanza linatazama bahari, yaani mashariki na kusini kidogo, zuri sana. La pili linatazama bustani, magharibi, lina ukuta mweupe na nguzo nne. Wananitoza shilingi 80,000 kwa saa moja, na ikiwa sikutumia wanarudisha nusu. Nilitaka la bahari kwa sababu ya bibi harusi.

MzeeWaTaa

Chukua la magharibi. Ule upepo niliousema utapiga mvua mpaka ndani ya baraza la bahari, utaona sakafu inang'aa maji na gauni linachukua. Sababu ya pili, hata kukiwa na wingu, jioni upande wa magharibi ndio wenye anga jeupe zaidi. Baraza lile litashika mwanga wakati lile la bahari limeshakuwa la kijivu.

Wasimamishe hatua moja au mbili tu ndani ya ukingo wa paa, nyuso zikitazama nje. Anga lote la magharibi linakuwa taa yako, pana na laini, inaingia kwa mbele na siyo kutoka juu, mashimo ya macho yanajaa yenyewe. Usiwaingize ndani kabisa kwa kuogopa matone, mwanga unakufa haraka kila hatua unayorudi. Na wewe upigie wapi? Simama ubavuni, au nje chini ya mwavuli. Ukisimama katikati mbele yao, unawakinga anga.

Huo ukuta mweupe utakusaidia baadaye giza likizidi: elekeza flashi ukutani, si usoni kwao.

AliyelowaKijani

Naomba niseme kama bibi harusi, maana mnazungumzia vifaa tu. Harusi yangu ilinyeshewa. Mpiga picha wangu hakuwa na mwavuli, tukaazima mitatu kwa mlinzi wa hoteli, ya kijani ya kampuni ya simu. Siku ile nilifurahi, picha za mvua nilikuwa nazitamani. Zilipokuja, mimi na mume wangu tuna nyuso za kijani. Shingo kijani, gauni jeupe limekuwa kijani juu na kijivu chini. Akaniambia atarekebisha, akarekebisha ngozi, basi gauni likawa la waridi. Miezi miwili tunazungushana. Mwisho nikazigeuza nyeusi na nyeupe mimi mwenyewe kwenye simu ndipo nikaweza kuzitundika.

Tafadhali nunueni mwavuli wa kuona. Na mwambieni bibi harusi mapema kwamba kuna mpango wa pili. Mimi niliambiwa pale pale, nimesimama na tope, na nilikubali kila kitu kwa sababu nilikuwa nataka kulia.

MamaShela

Dada yangu pole sana. Mimi nakodisha magauni Kariakoo na ninayapokea yanavyorudi, kwa hiyo najua. Tope la Koko si baya kama mchanga mbichi. Mchanga unaingia kwenye pindo, unaongeza uzito, halafu bibi harusi akitembea pindo linakatika nyuzi. Mpiga picha abebe shuka jeupe la zamani, alikunje mara mbili, alitandike chini ya gauni wakati anasimama, kwenye picha halionekani, linafichwa na gauni lenyewe. Na wakati wa kutembea kwenda garini watu wawili wabebe gauni, hata mmoja asilikanyage. Satini ikilowa ina alama ya maji, usiisugue. Iache ikauke, ukisugua inaganda.

KadiYaKumbukumbu

Mzee hujanijibu la umeme. Mimi niliwahi kuona stendi ya taa imeangushwa na upepo ikatoa cheche, sikutaka tena kusogea.

MzeeWaTaa

Na ulifanya vizuri kutosogea. Ikiwa ilikuwa taa ya kuchomeka ukutani kwa waya wa kurefusha, kwenye nyasi mbichi, hiyo nami siigusi na nisingemruhusu kijana wangu aiguse. Hapo uko sahihi moja kwa moja. Ninayosema mimi ni flashi ya betri. Ndani yake kuna umeme mkali unaohifadhiwa ili utoke kwa mara moja, kwa hiyo maji yakiingia inaungua na inaweza kukupiga ukiifungua. Lakini maji yasipoingia, ni salama. Naivisha ile kofia ya nailoni ya kuogea, ya hotelini au ya saluni, mdomo wa lastiki ukiwa chini. Mwanga unapita, haupungui sana. Mtu anaishika kwa mkono, haisimami kwenye stendi, kwa sababu ya upepo kama huo uliouona. Ikilowa kweli kweli, izime, toa betri, usiiwashe mpaka kesho yake. Usijaribu "nione kama imepona".

Kofia ya pili kama hiyo nenda nayo kwa ajili ya kamera. Mifuko ya plastiki hatunayo tangu Juni 2019, na kofia inakaa vizuri zaidi.

Jambo moja la mwisho ambalo litakukuta tu. Usiweke kamera kwenye gari lenye kiyoyozi. Ukiitoa kwenye baridi ukaingia kwenye joto la mvua la Dar, lenzi inafunga ukungu, unafuta na unarudi, na unaweza kukaa robo saa huoni kitu. Begi likae kwenye buti, au zima kiyoyozi tangu mnatoka kanisani.

KatibuKamati

Bado mna tatizo moja kubwa. Nani anasema "tunaondoka"? Nimeona mpiga picha anasema twende hotelini, kaka wa bibi harusi anasema subiri inakatika, msimamizi anasema twende ukumbini moja kwa moja. Dakika ishirini zikaishia hapo hapo, na emsii anapiga simu.

LenziYaPwani

Katibu hilo ni zito kuliko yote. Nimekaa na maharusi leo. Tumeandika ukurasa mmoja, siyo mkataba mrefu. Kwamba mvua ikinyesha, mwenye uamuzi ni bibi harusi peke yake, na akiwa hapatikani ni msimamizi wake wa kike. Kwamba mimi nitamwambia saa, naye anasema ndiyo au hapana, hakuna kikao. Kwamba saa 12:15 magari yanaondoka hata kama jua limetoka. Na kwamba hela ya baraza ni yao, nimewaonesha bei. Bwana harusi aliuliza: "Je, mvua ikituondoa Koko, tunapunguziwa?" Nikasema tutaona. Najua nilipaswa kuandika jibu.

Nitarudi baada ya kazi.

LenziYaPwani

Wakuu nimerudi. Ni Jumatatu, nimelala, nimepitia picha zote. Nawapa ilivyokwenda.

Kanisani tulitoka 9:35. Makundi sita, nilianza na yale yenye wazee. Kamera nilifunga f/5.6 na 1/200, nikaiachia ISO ijipandishe yenyewe ili niisome kama kipimo. Ilikuwa 800. Tulimaliza 9:57, kengele ya wenzetu ikilia.

Koko tulifika 10:35. Mstari wa bahari ulikuwa umeshafutika, kama mzee alivyosema. Hapo nilibadili jambo moja: bahari ndiyo aliyoitaka, kwa hiyo sikupanga chochote, niliwashusha na kuwapiga wakitembea, ndani ya dakika kumi na tatu. Shuka la Mama Shela lilifanya kazi. Upepo wa baridi ukatupiga 10:46, tone la kwanza 10:48.

Tulisubiri garini. Saa 11:03 nikamwambia bibi harusi, "Dakika kumi na tano zimeisha." Akasema twende. Kaka yake alitaka kuzungumza, msimamizi akamwonesha karatasi.

Barazani 11:15. Kosa langu: kamera ya pili kijana aliiacha kiti cha nyuma kwenye gari la maharusi, kiyoyozi kikiwaka. Ilikuwa imefunga ukungu mpaka ndani ya kioo cha mbele. Niliiweka pembeni na sikuigusa mpaka 11:35. Kama ningekuwa na moja tu, muda huo wote ungepotea.

Ukingo wa paa, nyuso nje, f/2.8, 1/200. ISO ilianza 400. Saa 11:30 ikasoma 800, saa 11:45 ikasoma 1600. Nilikuwa nimejiwekea kwamba ikifika 1600 natoa flashi, nikaielekeza kwenye ule ukuta. Macho yapo, yote. Nilipiga pia moja ya mwavuli wa kuona, maharusi hatua moja nje ya paa, kijana ameshika flashi nyuma yao kama hatua nne, nguvu 1/16, na miti meusi nyuma yake. Matone yametoka kama shanga. Upande wa mbele yalipokuwa hayana mwanga wa nyuma hayaonekani kabisa, nikaelewa kwa nini picha zangu za mvua za zamani zilionekana kama ukungu tu.

Mvua ilikatika saa 11:55. Bibi harusi akasema, "Turudi Koko dakika tano." Nilitaka kukataa. Lakini uamuzi ulikuwa wake na tuliandika 12:15, kwa hiyo tukarudi. Tulifika 12:04. Dhahabu haikuwepo, wingu lilibaki, ila mchanga uliolowa ulikuwa kioo, na upande wa bahari anga likawa buluu ya risasi. Nilipiga kumi na mbili, flashi ya mkononi kutoka kushoto, ISO 1600. Nne ni nzuri. Saa 12:15 msimamizi alifungua mlango wa gari bila kuniuliza.

Mwenge walifika 1:20. Foleni ilikuwa mbaya kuliko hesabu ya mzee. Waliingia 1:50.

Mama wa bwana harusi hakuwepo kanisani wakati wa makundi, alikuwa amekwenda kumpeleka mgonjwa nyumbani. Kwa hiyo yeye hana picha ya familia ya mchana, nilimpiga picha ukumbini tu. Hilo orodha yangu haikulishika. Nilihesabu makundi, sikuhesabu majina.

AliyelowaKijani

Hongera kaka. Naomba uweke ile ya mwavuli ukiruhusiwa na wenyewe.

LenziYaPwani

Nimewaomba, nasubiri. Ila kuna lile nililoacha. Bwana harusi ameniandikia leo asubuhi kwa upole kabisa. Anasema walilipa saa mbili za ufukweni, wamepata dakika ishirini na nne, na baraza wamelilipia wenyewe. Anaomba nipunguze robo, au niwapige tena Koko siku moja bure, bila wageni. Mnasemaje?

KadiYaKumbukumbu

Usipunguze hata shilingi. Ulifanya kazi saa zote, na mvua si yako. Ukipunguza leo, Aprili yote watu watasubiri mvua.

MamaShela

Mimi ningewapiga tena. Gauni nitawapa siku mbili kwa nusu bei, wakija kwangu.

KatibuKamati

Kwa upande wa kamati naona ana haki ya kuuliza, kwa sababu ulimjibu "tutaona". Mtu akiambiwa tutaona, anaona.

MzeeWaTaa

Hapa sina jibu moja, nimefanya yote mawili na yote yameniuma kwa namna yake. Katika karatasi zangu sasa nauza saa, siuzi mahali. Imeandikwa "saa mbili za picha, Koko au baraza, kwa uamuzi wa bibi harusi", na bei ya baraza imo ndani ya bei yangu, kwa hiyo hakuna anayeilipa mara mbili. Lakini wewe hukuandika, na huwezi kuiandika leo kwa jambo la juzi.

Ukikubali kuwapiga tena, iwe asubuhi. Koko inatazama mashariki, jua linatokea baharini kabla ya saa 12:30, na huna ukumbi wa kuwahi. Waambie wafike saa 12 kamili alfajiri, na yule mama wa bwana harusi aje nao.

LenziYaPwani

Mzee, hilo la mama limeniamulia. Nampigia sasa hivi niulize kama Jumamosi ya wiki ijayo alfajiri anaweza.